Koloni Hazijumlishwi

Tuliokuwa kwenye kikao cha kesi wiki iliyopita tuliiona ripoti ile: binti wa miezi kumi, homa ya siku tatu, mkojo wa mfuko, "bakteria zaidi ya 100,000 kwa mililita, maambukizi ya njia ya mkojo". Alichomwa seftriaksoni siku hiyohiyo ripoti ilipotoka. Ripoti ile haikustahili kutoka maabara. Sahani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kalamu.

Lupu ilikuwa ya mikrolita 1, kwa hiyo kila koloni huhesabiwa kuwa bakteria 1,000 kwa mililita. Zilikuwepo koloni 130: 80 za E. coli, 35 za Klebsiella zenye utelezi, na 15 ndogondogo za Enterococcus. Usomaji ulikuwa mzuri na utambuzi sahihi. Ndipo mtu akajumlisha. Zote pamoja zikawa 130,000, zikavuka mpaka, na E. coli ikafanyiwa sensitiviti kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyingi.

Kiwango cha 100,000 huhesabiwa kwa bakteria wa aina moja. Bakteria aliyejikita kibofuni akazaliana kwa kawaida huitawala sahani, wengine wakabaki vidoa vya pembeni. Hapa hakuna hata aina moja iliyofika mpaka huo, na zote tatu ni wakazi wa utumbo na ngozi ya chini ya nepi. Aina tatu kwa pamoja ni dalili ya uchafuzi. Ukizijumlisha, dalili hiyohiyo ya uchafuzi unaigeuza ushahidi wa ugonjwa. Kama zingekuwa aina sita, kwa hesabu hiyo mtoto angeonekana mgonjwa zaidi.

Fomu nayo ilikuwa na majibu. Mfuko ulibanduliwa saa 3 asubuhi, na mkojo ukapandwa saa 6 mchana bila kupita kwenye friji. E. coli ikijigawa kila nusu saa katika joto letu, hiyo ni migawanyiko sita, yaani mara 64. Basi 80,000 tulizozisoma huenda zilianza kama 1,250 tu, zilizooshwa kutoka kwenye ngozi. Hadubini ilionyesha seli za usaha mbili kwa uwanja, na seli bapa za ngozi tele.

Wasomaji wangu wanajua ninavyouchukia mfuko. Una kazi moja: usipoota kitu, unasaidia kuondoa shaka. Ukiota, haujathibitisha lolote. Chuki yangu ya pili ni kuifanya 100,000 sheria ya kila mkojo. Edward Kass aliyeipa nguvu namba hiyo miaka ya 1950 alikuwa akichunguza wanawake watu wazima, na shida yake ilikuwa hiihii ya kutenganisha maambukizi na uchafuzi. Aliona kwamba sampuli moja ya mwanamke asiye na dalili haitoshi, akataka ya pili. Sisi tumebeba namba yake tukaiacha tahadhari yake. Mwalimu wangu wa benchi alikuwa wa shule hiyo: hakugusa lupu kabla ya kusoma saa ya kukusanya na njia ya kukusanya.

Njia ndiyo huamua mpaka. Kwa mkojo wa katheta au wa sindano kibofuni, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2011 ulitumia 50,000 za aina moja, pamoja na dalili za uvimbe ndani ya mkojo. Mkojo wa sindano ukiotesha hata bakteria wachache wa njia ya mkojo, hupuuzi. Wala si kila mchanganyiko ni uchafu: mtoto mwenye katheta ya muda mrefu, au mwenye kasoro ya njia ya mkojo, anaweza kweli kuugua kwa aina mbili. Lakini hilo husemwa na historia ya mtoto na seli za usaha. Binti huyu hakuwa na lolote kati ya hayo.

Ripoti ilipaswa kuwa fupi: "Aina tatu zimeota, sampuli inaelekea imechafuliwa, hakuna sensitiviti, tafadhali rudia kwa katheta kabla ya dawa." Hata kama mtoto angekuwa mahututi, katheta huchukua dakika chache, na sindano ya dawa ingefuata palepale.

Katheta iliwekwa kesho yake, baada ya dozi ya kwanza, na mkojo haukuota kitu. Huenda hakukuwa na maambukizi tangu mwanzo. Huenda yalikuwepo na dawa ikayafuta. Siku ile katheta ingeweza kutupatia jibu, na sasa daktari atakayempokea binti huyu na homa nyingine atakuta faili linasema "maambukizi ya njia ya mkojo", akiamini kwamba kuna mtu aliyathibitisha.