Spika nane katika ua mmoja wa Kamina

Tuchukue ua wa arusi Kamina, urefu wake mita 35, na spika nane za JBL Flip 5 zilizoazimwa kwa majirani na wakwe. Simu inaunganishwa na moja tu. Ukibonyeza kitufe cha PartyBoost kwenye zote, hiyo ya kwanza, tuiite spika mama, inazigawia nyingine saba muziki uleule. Flip 5 ina kipaza kimoja ndani, kwa hiyo kila moja hupiga upande wa kushoto na wa kulia vikiwa vimechanganywa.

Ukiwa na mbili za aina moja, programu ya simu hukuruhusu kuchagua `Stereo`: moja ibaki na kushoto, nyingine na kulia. Kwa watu wanne waliokaa katikati ni raha, maana magitaa ya sebene mara nyingi hurekodiwa moja huku, jingine kule. Kwa arusi ni hasara. Aliyekaa karibu na spika ya kushoto atakosa nusu ya magitaa, na hataelewa kwa nini wimbo anaoujua umepwaya. Mimi kwenye ua singeigusa stereo.

JBL inatangaza kwamba PartyBoost huunganisha spika zaidi ya 100. Kikwazo cha kwanza hakiko kwenye idadi, kiko kwenye kizazi. Flip 4 hutumia Connect+, na haiungani na Flip 5. Flip 7 imehamia Auracast, nayo haiungani na hizo mbili. Jina la kampuni ni lilelile, lakini shangazi aliyeleta Flip 4 yake atarudi nayo.

Kikwazo cha pili ni mwendo wa sauti hewani, mita 340 hivi kwa sekunde. Spika mbili zinaweza kupiga kwa wakati mmoja kabisa, lakini aliyekaa chini ya moja ataisikia ile iliyo mita 34 mbele yake ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Maneno yanakuwa na mwangwi, na ngoma inagonga mara mbili. Ukiongeza sauti unazidisha balaa, kwa sababu ile ya mbali nayo inapanda. Dawa ni kuzitawanya nane hizo katikati ya viti na kuzipiga kwa sauti ya chini, ili kila mgeni amezwe na iliyo karibu naye.

Spika mama ikae katikati ya ua, juu ya meza au kwenye mti, maana miili ya watu hunyonya mawimbi ya Bluetooth. Watu wakiinuka kucheza, sikiliza inayokatika. Ikiwa ni ile ya mbali peke yake, isogeze kwa mama. Zikikatika zote nane pamoja, mtafute mwenye simu: huenda ameiweka mfukoni akaenda jikoni.