Nani Mwingine Anaweza Kutia Sahihi Hapa?

Msimu wa fildi ukikaribia, foleni za steshenari za Moshi hujaa wanafunzi wenye haraka. Kwenye kompyuta ya dukani kuna faili linaloitwa BARUA YA FILDI.docx. Mwanafunzi hulifungua, akafuta jina la aliyemtangulia na kuweka lake, akabadilisha jina la ofisi, akachapa nakala tano na kwenda zake. Wengine husahau kubadilisha jina la ofisi, na meneja wa chama cha akiba na mikopo akajikuta anaombwa nafasi katika mamlaka ya maji. Aya zenyewe hazijabadilika kwa miaka: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, chuo kinanitaka nifanye mafunzo kwa vitendo, niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa, natumaini ombi langu litakubaliwa.

Katika mji huohuo namfahamu mama mmoja, mhazili mstaafu, aliyesomea Chuo cha Uhazili Tabora enzi ambazo hatimkato ilikuwa somo la kutoa jasho. Alizoea taipureta yenye karatasi ya kaboni. Kosa moja la juu lilikuwa makosa matatu ya chini, kwa hiyo sentensi ilitakiwa iive kichwani kabla kidole hakijagusa kitufe. Leo hana taipureta, lakini ile adabu ya kufikiri kwanza hajaiacha. Watoto wa majirani humletea barua zao za kuomba fildi, naye huzisoma kwa sauti, taratibu, huku rula ikishuka mstari kwa mstari. Penye kila sentensi husimama na kuuliza swali lilelile: "Nani mwingine anaweza kutia sahihi hapa?"

Nilikuwepo siku alipoletewa barua na binti anayesomea uhasibu. Binti aliamkia, akaitikiwa, akakaa. Alikuwa anaomba wiki nane katika chama cha akiba na mikopo. Rula ikaanza kushuka. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza." Nani mwingine anaweza kutia sahihi hapa? Binti akasema, yeyote. Sentensi ikakatwa. "Nahitaji nafasi hii ili nikamilishe masharti ya masomo yangu." Yeyote. Ikakatwa. Zikabaki anwani mbili, tarehe na salamu.

Juu ya ile sentensi ya masharti ya masomo, mama alikawia kidogo, na alilolisema pale ndilo wengi hawajapata wa kuwaambia. Kila barua ya fildi huambatana na barua ya utambulisho ya chuo, na hiyo imeshaeleza kwamba mwanafunzi anatakiwa kufanya mafunzo, kwa wiki ngapi na kuanzia lini. Haja imeshasemwa, tena kwa mhuri. Mwanafunzi anayeirudia ametumia nafasi yake kusema lililokwisha kusemwa na mwingine. Meneja akimaliza kusoma karatasi zote mbili anajua wiki nane zina faida gani kwa mwanafunzi. Zina faida gani kwa chama chake hajaambiwa na mtu.

Tena mwanafunzi wa fildi ana gharama, hata kama halipwi. Mhasibu atakayemsimamia ataacha kazi yake amwelekeze, atamkagulia anachoandika, atajaza fomu za chuo, atampokea mwalimu akija kukagua. "Kazi yoyote nitakayopangiwa" inasikika kama unyenyekevu, lakini kwa meneja ni mzigo mwingine, maana sasa yeye ndiye anayetakiwa kubuni hiyo kazi. Akikosa la kubuni, mwanafunzi atapewa mashine ya fotokopi na safari za kununua vitafunio vya chai. Ndivyo inavyowatokea pia wanaopokelewa kwa huruma. Binti alikuwa ameandika kwamba analelewa na mama peke yake na ada ni ya shida. Yule mama hakulipuuza hilo, alimshika mkono. Kisha akamwambia, "Mwanangu, akikuonea huruma atakupa kiti. Wewe unataka akupe leja."

Lakini binti hakuwa amewahi kuajiriwa popote. Ataandika nini? Hapa ndipo ninapoustahi zaidi ufundi huu. Mama hakumuuliza kuhusu kazi. Alimuuliza: kuna jambo gani ambalo mtu mwingine alikutegemea wewe, na ungekosea angeumia? Kimya kikawa kirefu. Mwisho binti akasema, kama jambo dogo lisilofaa kutajwa, kwamba katibu wa kikoba cha mama yake alianza kusumbuliwa na macho, na kwa mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa akiandika daftari kila Jumamosi.

Wasomaji wanaokijua kikoba wanajua hilo lina uzito gani. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na jumla ya daftari isipolingana na jumla ya sanduku hakuna anayeondoka. Mama akataka namba, na kwa kila namba akauliza imejulikanaje. Wanachama 25, hisa moja shilingi 5,000, kila mmoja huruhusiwa hisa 1 hadi 5 kwa kikao. Akauliza kama hesabu iliwahi kukataa. Ndiyo, mara moja, sanduku lilipungukiwa shilingi 15,000. Iligundulikaje? Binti akaeleza, na sasa alikuwa ameinuka kwenye kiti. Kiasi kile ni bei ya hisa 3 kamili, kwa hiyo alishuku maandishi kabla ya kumshuku mtu. Alikusanya vitabu vya wanachama akavilinganisha na daftari kimoja kimoja. Wanawake wawili walikuwa na jina moja. Mmoja alinunua hisa 3, na daftarini hisa hizo ziliandikwa kwa wote wawili. Tangu siku ile kila jina likafuatwa na namba ya uanachama.

Aya waliyoitoa pamoja, baada ya kufuta na kurudia jioni nzima, ilikuwa hivi:

"Kwa mwaka mmoja nimeandika daftari la hisa na marejesho la kikoba chenye wanachama 25. Wiki moja fedha za sandukuni zilipungua kwa shilingi 15,000 kuliko daftari. Nililinganisha vitabu vya wanachama na daftari nikakuta hisa 3 za mwanachama mmoja zimeandikwa pia kwa mwenzake mwenye jina kama lake. Niliweka namba ya uanachama baada ya kila jina, na kosa hilo halijarudi. Mwenyekiti wa kikoba amekubali kuulizwa habari zangu. Naomba kupangiwa kulinganisha vitabu vya wanachama wenu na leja, chini ya mhasibu wenu. Mwisho wa wiki nane nitamkabidhi orodha ya kila tofauti niliyoiona, pamoja na tarehe na namba ya stakabadhi, ili yeye aamue la kufanya. Sijawahi kutumia mfumo wa kompyuta wa akiba na mikopo, hivyo siku za mwanzo nitahitaji kuelekezwa."

Nimeisoma aya hiyo mara nyingi, na bado napenda namna ilivyojua mipaka yake. Haikuomba kushika fedha taslimu wala kuingilia uamuzi wa mikopo, mambo ambayo hakuna meneja mwenye akili atakayemkabidhi mgeni wa wiki nane. Haikutaja jina la mwanachama hata mmoja, na kwa chama kinachotunza siri za akiba za watu, ukimya huo peke yake ni ushahidi. Sentensi ya mwisho binti aliiogopa, akataka ifutwe. Mama akakataa katakata. Kulisema ambalo hujui, alieleza, ndiko kunakofanya yale mengine yaaminike, na kunampa msimamizi picha ya siku zake za mwanzo zitakavyokuwa. Kwa sababu hiyohiyo alimkatalia binti alipojaribu kukiita kikoba "taasisi ya fedha" na yeye mwenyewe "mhasibu". Meneja wa akiba na mikopo anakijua kikoba vizuri. Swali moja tu la usaili lingelivua neno hilo nguo, na ile hadithi ya hisa 3, iliyo ya kweli, ingeanguka nalo.

Ufundi wa barua si mgeni kwetu. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huko Kilwa mwaka 1711 zingalipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyosalia. Watu wa pwani walijua kumsalimu mtu kwa cheo chake, kisha kuingia kwenye jambo lenyewe. Mimi shuleni nilifundishwa mahali pa anwani, mahali pa tarehe, na kwamba kichwa cha habari hupigiwa mstari. Maksi zilikuwa hapo. Ndani ya barua, kati ya salamu na sahihi, tuliachwa tujaze tunavyojua, na kizazi kilichotufuata kimeachiwa faili la steshenari. Sasa hata faili hilo linaelekea kuondoka, kwa kuwa ofisi nyingine zinataka fomu ya mtandaoni, na pale palipokuwa na aya pamebaki kisanduku cha maneno machache kinachouliza uzoefu wa kazi. Mwanafunzi anaandika "Hakuna".

Naandika haya nikimfikiria kijana mmoja wa mteremkoni, anayesomea usimamizi wa ushirika. Tangu akiwa shule ya msingi alisimama na babu yake kwenye mizani ya chama cha msingi, msimu wa kahawa baada ya msimu. Anajua kuitambua kahawa ya maganda isiyokauka sawasawa kwa kuivunja punje kwa meno, kabla kipimo cha unyevu hakijatolewa mfukoni. Anajua kwa nini jambo hilo ni la fedha: gunia likipokelewa na maji, uzito wake hupungua kabla ya kufika kiwanda cha kukoboa, na kilo zilizopotea njiani huwa ni hasara ya chama, kwa kuwa mkulima alikwisha kuandikiwa uzito wa mwanzo. Aliomba fildi katika ofisi inayohusika na kahawa hiyohiyo. Barua yake niliiona ikiwa imeshapigwa mhuri wa kupokelewa. Ilisema kwamba hana uzoefu wowote, ila ni mwepesi wa kujifunza, na yuko tayari kufanya kazi yoyote atakayopangiwa. Walimpangia masjala, akawa anatoboa karatasi na kuziingiza kwenye majalada, wiki zote nane, na mizani iko ng'ambo ya ua.