Mtunza Stoo Mbele ya Jopo la Usaili

"Tueleze ulivyowahi kugundua kasoro kazini, na ulichofanya." Mtunza stoo ya dawa anajikohoza, kisha anaanza na upungufu wa watumishi hospitalini, anapitia barabara mbovu na mgawo uliochelewa. Dakika mbili zinakatika naye hajaingia bado kwenye hadithi yake mwenyewe. Anamalizia: "Basi tukashirikiana, hali ikatengemaa."

Mtu huyu ni wa mfano, ila jibu lake wasaili wengi wanalijua. Mpangilio wa kulinyoosha ulibuniwa mwaka 1974 na kampuni ya Marekani iitwayo DDI, nao una sehemu nne: hali, jukumu, hatua na matokeo. Wazo lake ni kwamba aliyoyatenda mtu huko nyuma yanaashiria vizuri zaidi atakayoyatenda kesho kuliko ahadi zake. Ndiyo maana "mimi ni mchapakazi" au "ningefanya hivi" haviongezi alama. Hakuna tukio ndani yake.

Tulisuke upya jibu lile. Hali na jukumu vinatosha sentensi mbili: "Katika hesabu ya Juni nilikuta maboksi 40 ya dawa zilizopitwa na muda. Stoo ilikuwa chini yangu, na mganga mfawidhi alinipa wiki mbili nimletee mpango."

Hatua ndiyo iachiwe nafasi kubwa. "Nilipitia leja nikabaini kuwa mzigo mpya ulikuwa ukiwekwa mbele, wa zamani ukasahaulika nyuma ya rafu. Nilipanga upya ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, nikaandika tarehe kwa herufi kubwa kwenye kila boksi. Kila mwisho wa mwezi nilipiga simu vituo vya afya kuuliza nani anahitaji zilizozidi kwetu." Matokeo: "Hesabu ya Desemba ilikuta maboksi 6."

Wengi hujikwaa kwenye nafsi. Kwetu kusema "nilifanya" mbele ya wakubwa huonekana kujigamba, hivyo msailiwa hujificha nyuma ya "tulifanya", na jopo linashindwa kujua limpe nani alama. Hakuna haja ya kuwafuta wenzake: "mfamasia aliidhinisha, mimi nikapanga" ni kauli ya haki kwa wote wawili.

Tarakimu nazo zina mtego. Msaili mzoefu hatashangilia kushuka kutoka 40 hadi 6, atauliza, "Hayo 6 yalibaki kwa nini?" Aliyekariri hadithi ya kuazima atababaika hapo. Aliyeshika leja kwa mikono yake atajibu bila kufikiri sana: yalikuwa ya msaada, yalifika yakiwa yamebakiza miezi miwili, na vituo alivyovipigia simu vilikuwa na dawa hizo tayari.