Nani Akaguliwe Paa Kwanza

Katika biashara ya kufunga umeme jua, gharama huanza kuuma siku fundi anapopakia ngazi kwenye gari kwenda kukagua paa. Kwa hiyo alama anazopewa mteja mtarajiwa zina kazi moja: kuamua paa la nani likaguliwe. Tatizo ni kwamba watu wa masoko hupenda kumpa alama anayeuliza sana, na kuuliza ni bure.

Tuchukue kampuni ya mfano ya Dar es Salaam inayotumia hesabu mbili ambazo hazijumlishwi. Ya kwanza ni ya kufaa: kununua zaidi ya uniti 300 za LUKU kwa mwezi ni alama 30, kuwa na mamlaka juu ya paa 30, kutumia umeme mwingi mchana 20. Ya pili ni ya hamu: kuomba ukaguzi 20, kutuma picha za risiti za LUKU 15, kuuliza bei 5. Mteja hukabidhiwa kwa watu wa mauzo akifikisha 60 za kufaa na 20 za hamu.

Mpangaji mmoja ameuliza bei mara tisa, ana 45 za hamu. Lakini hazidishi uniti 75 kwa mwezi, na TANESCO humuuzia kwa bei nafuu ya daraja la D1. Kufaa kwake ni sifuri, kwa hiyo anabaki masoko. Mwenye duka la samaki wa barafu ameandika mara moja tu: anaomba ukaguzi, na ametuma risiti za uniti 600 kwa mwezi. Hizo ni 20 kwa siku. Kilowati moja ya paneli Dar hutoa takriban uniti 4 kwa siku, hivyo anahitaji kama kilowati 5, na majokofu yake yanafanya kazi jua likiwaka. Duka ni lake. Ana 80 za kufaa na 35 za hamu. Huyu ndiye wa kupigiwa.

Mtu wa mauzo ana saa mbili za kazi kumpigia, la sivyo mteja anapewa mwenzake. Akimrudisha masoko, lazima aandike sababu: mpangaji, hapatikani, matumizi madogo, hana fedha. “Hayuko siriasi” haipokelewi, maana haimwambii mtu wa masoko arekebishe nini.

Sababu hizo ndizo zinazoonyesha kasoro ilipo. Neno “mpangaji” likijirudia kwa watu waliokwisha kupewa zile 30 za paa, fomu ndiyo mbovu. Ukiuliza “Nyumba ni yako?”, mpangaji wa miaka kumi hujibu ndiyo, na anayeishi nyumba ya urithi na ndugu zake vilevile. Uliza badala yake: “Nani anatoa ruhusa ya kutoboa bati?”