Miaka mitano ya mche wa mkonge: jibu la kweli mbele ya jopo la usaili

Tumchukulie kijana wa Magoma, Korogwe, mwenye stashahada ya kilimo, ameitwa kwenye usaili wa nafasi ya msimamizi msaidizi katika shamba la mkonge. Kazi ni ya mshahara wa mwezi, na mkataba hauna ukomo wa muda. Maswali ya palizi na ya magonjwa ya mimea ameyajibu vizuri. Kisha mzee aliyekaa katikati ya jopo anauliza: "Haya kijana, baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

Ukweli ni kwamba hajui. Maombi yake ya nafasi ya afisa kilimo msaidizi yako Sekretarieti ya Ajira, na anaweza kuitwa mwezi ujao, mwaka kesho, au asiitwe kabisa. Anatamani shahada ya Chuo Kikuu cha Sokoine, ila ada hana. Na mama yake ana kipande cha shamba pale nyumbani ambacho siku moja kitamhitaji.

Wengi wakibanwa hapo hukimbilia moja ya majibu matatu. La kwanza ni "nitakuwa meneja wa shamba hili." Linavunjika kwa swali moja tu la nyongeza: kutoka usimamizi msaidizi hadi umeneja kuna ngazi gani, na kila ngazi inadai nini? Asiyezijua ngazi anaonekana papo hapo. La pili ni "namwachia Mungu." Imani hiyo ni ya kweli na wajumbe wenyewe wanayo, lakini kwenye karatasi ya alama hawana cha kuandika. La tatu limeokotwa kwenye vitabu vya ushauri vya ng'ambo: "nitakuwa nimekaa kwenye kiti chako." Kumwambia hivyo mtu wa rika la baba yako, uliyemwamkia shikamoo dakika ishirini zilizopita, ni utovu wa adabu, hata kama mwandishi wa kitabu aliuita ujasiri.

Njia ninayoiamini huanza kwa kutenganisha miaka mitano ya mtu na miaka mitano ya kazi. Ya mtu haijulikani. Ya kazi, kwenye mkonge, inajulikana kwa kiasi cha kushangaza. Vichipukizi vinavyoota kwenye mlingoti wa mmea uliokomaa huchumwa na kuoteshwa kitaluni, hukaa humo mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kisha miche huhamishiwa shambani, vizuri zaidi mvua zinapoanza. Mistari hupandwa miwili miwili. Ukiacha mita moja kati ya mistari pacha, mita nne za njia, na sentimita themanini kutoka mche hadi mche, hekta moja inabeba miche kama 5,000. Baada ya hapo ni palizi na kungoja, takribani miaka mitatu, mpaka majani ya kwanza yafae kukatwa. Jumlisha: mche unaoingia kitaluni mwaka huu utafika kwenye korona, ile mashine ya kutenganisha singa na nyama ya jani, karibu na mwaka wa tano.

Kwa hiyo mzee wa mkonge anapotaja miaka mitano ana kitu mahususi kichwani. Anawaza nani atakuwepo miche ya leo itakapokatwa, na kama hayupo, atakuwa ameacha nini. Kijana akilisikia swali hivyo, anaweza kulijibu bila kudanganya:

"Mzee, nikiwa mkweli, sijui kama baada ya miaka mitano nitakuwa Magoma. Ninachokijua ni kazi ninayotaka niwe naiweza. Mwaka wa kwanza na nusu nataka nikijue kitalu: kuchagua miche, kuitenga kwa ukubwa, kuandika ipi imekufa na kwa nini. Baada ya hapo nataka nisimamie upandaji na palizi ya kipande kimoja tangu mwanzo. Nikiwepo mkato wa kwanza ukifika, nataka niwe naweza kupanga wakata mkonge na usafiri ili majani yasilale shambani. Nikiondoka kabla, kipande hicho kitakuwa na daftari ambalo mwingine ataliendeleza."

Tuliangalie kwa karibu. Sentensi ya kwanza inataja kisichojulikana, mara moja tu, na haiombi radhi. Kurudia "sijui" mara tatu kungelifanya jibu zima liwe la wasiwasi. Zinazofuata hazitaji cheo hata kimoja, zinataja uwezo, na kila uwezo umefungwa kwenye hatua ya zao. Hapo ndipo jopo linaposikia kwamba anaijua kazi. Maneno ya majani kulala shambani yana uzito wake, kwa sababu jani lililokatwa linatakiwa lichakatwe ndani ya siku moja, mbili zikizidi sana. Likikauka, singa hushikana na nyama na hutoka chafu. Asiyewahi kusimama kwenye korona si rahisi akumbuke kulitaja. Sentensi ya mwisho inakubali kwamba anaweza kuondoka, na papo hapo inasema shamba litabaki na nini.

Mjumbe wa pembeni, mama wa ofisi ya utumishi, halegezi: "Serikali ikikuita kesho, utatuacha?"

Hapa ndipo uaminifu unapopimwa hasa. Kunyamaza kuhusu jambo ambalo hujaulizwa si uongo, na hakuna anayemlazimu kijana kufungua usaili kwa kuorodhesha kila sehemu alikoomba. Lakini akishaulizwa, hapo hana ruhusa ya kukana. Korogwe watu wanajuana, na barua ya kuitwa ikija habari itafika ofisini kabla yake. Ajibu: "Ndiyo mama, niliomba, na sijaitwa. Nikiitwa nitakuja kwako kabla sijamwambia mtu mwingine, na notisi nitaitimiza yote. Ninachoomba ni kwamba kipindi cha upandaji kisinikute natoka." Notisi yenyewe ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kwa anayelipwa kwa mwezi, mwezi wa kwanza wa kazi ukishapita, si chini ya siku 28. Akiahidi miezi sita atakuwa ametoa neno asiloweza kulitunza. Akiahidi siku 28 na daftari la kitalu, ataweza.

Jibu hili lina mipaka yake. Kuna mwajiri anayetaka kuapiwa, na huyo jibu la kweli litamfanya ampe mwingine kazi. Hasara hiyo ipo, na sioni namna ya kuikwepa bila kusema uongo ambao utabidi uulinde kila siku kazini. Mbele ya jopo la utumishi wa umma pia, ambako wasailiwa ni wengi na muda ni mfupi, maelezo ya kitalu yanafaa yapunguzwe hadi sentensi mbili, na pa kitalu pawekwe hatua za kada husika: kuthibitishwa baada ya muda wa majaribio, kisha kile unachotaka uwe unakifanya kwa wakulima wa kata uliyopangiwa. Mpangilio haubadiliki.

Na jopo likimpa nafasi ya kuuliza, asiulize mshahara kwanza. Aulize kitalu cha mwaka huu kina miche ya umri gani na itapandwa kipande kipi. Jibu watakalompa litamwonyesha na yeye kama shamba lenyewe lina mpango wa miaka mitano. Shamba lisilo na kitalu linakata mkonge uliopandwa zamani, na mmea ukishatoa mlingoti hauna majani mapya ya kukata. Hapo anayo haki ya kuwarudishia swali, kwa adabu ile ile: "Wazee wangu, na nyie shamba hili mnaliona wapi?"