Dirisha la Usawazishaji: Saa ya Kuanza na Saa ya Kuacha

Usawazishaji, kwa maana inayotumika katika uchambuzi huu, ni kazi ya kunakili mabadiliko ya data kutoka hifadhidata inayohudumia watumiaji moja kwa moja kwenda ghala la takwimu ambako ripoti hutayarishwa. Kazi hiyo husoma majedwali yaleyale ambayo karani wa mapokezi, mfamasia na muuguzi huyasoma na kuyaandika kwa wakati huohuo, na kwa sababu wote hutegemea diski na kumbukumbu ya seva moja, anayesoma kwa wingi humchelewesha anayesoma kidogo. Desturi ya wasimamizi wengi ni kuisukuma kazi hii hadi usiku wa manane na kuliona suala limekwisha. Desturi hiyo ina kasoro mbili: hulichukulia dirisha kama saa ya kuanza tu, ilhali dirisha lina pia saa ya kuacha na muda wa seva kurejea katika hali yake, na hudhani kwamba usiku hauna watu.

Mfano utakaofuatwa umebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, na tarakimu zake zichukuliwe hivyo, ingawa tabia ya mfumo inayoelezwa ni ya kweli. Hospitali ya rufaa inatumia hifadhidata moja ya PostgreSQL kwa mapokezi, maabara, famasi na wodi. Mapokezi hufunguliwa saa 1:30 asubuhi, zamu za wauguzi hubadilishana asubuhi, mchana na saa 2 usiku, na wodi huanza kuandika vipimo vya alfajiri saa 11. Nakala rudufu, yaani nakala kamili ya data inayotunzwa kwa ajili ya dharura, huanza saa 6 usiku kwa kutumia programu ya `pg_dump` na huchukua takriban dakika 70.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupima shughuli zenyewe badala ya kuzikisia. PostgreSQL hutunza vihesabio vinavyoongezeka tu tangu vilipoanzishwa, hivyo thamani moja peke yake haina maana. Huchukuliwa kila baada ya dakika 5, kisha ya awali hutolewa katika ya baadaye.

```sql
SELECT now(), xact_commit + xact_rollback, blks_read
FROM pg_stat_database
WHERE datname = 'hospitali';
```

Safu wima ya pili huonyesha idadi ya miamala, yaani mafungu ya kazi ambayo hukamilika yote au hufutwa yote, na ya tatu huonyesha vipande vya data ambavyo havikupatikana katika kumbukumbu ya PostgreSQL yenyewe na vikalazimika kuombwa kwa mfumo endeshi. Vipimo vya wiki 4, vikipangwa kwa siku ya juma na kwa saa, vilionyesha kwamba saa 2 usiku, ambayo ilidhaniwa kuwa tulivu kwa kuwa mapokezi yamefungwa, ina kilele chake kwa sababu ya makabidhiano ya zamu. Bonde halisi la shughuli lilikuwa kati ya saa 7 usiku na saa 11 alfajiri.

Hata hivyo, idadi ndogo ya watumiaji haimaanishi madhara madogo. Wanaotumia mfumo saa 8 usiku ni wodi ya wazazi na kitengo cha dharura, ambao hawawezi kusubiri, na katika wastani wa siku nzima kuchelewa kwao hakuonekani. Kwa hiyo kipimo kilichochaguliwa hakikuwa mzigo wa kichakato cha seva, bali muda ambao maulizo 95 kati ya 100 ya kufungua faili la mgonjwa hayauzidi, ukihesabiwa kwa kila saa peke yake. Ulizo ni ombi la data linalotumwa kwenye hifadhidata. Seva inaweza kuonekana imelegea kabisa huku ulizo moja la dharura likisubiri kufuli iliyoshikwa na kazi nyingine, na ni kusubiri huko ndiko kunakopaswa kupimwa.

Baada ya hapo hesabu ya dirisha ilikuwa nyepesi. Usawazishaji wa usiku wa kawaida ulichukua dakika 40, lakini mwisho wa mwezi, ambapo madai ya bima huhaririwa kwa wingi, ulifika dakika 95, na dirisha hupimwa kwa usiku mbaya kuliko yote unaotarajiwa. Ziliongezwa dakika 30 za seva kupoa, jumla zikawa 125. Kwa kuwa nakala rudufu humaliza saa 7:10 usiku, kazi ilipangwa kuanza saa 7:30, na hata katika usiku mbaya hospitali ingepata seva yenye nafasi kamili saa 9:35. Zilibaki dakika 85 kabla ya vipimo vya alfajiri.

Ziada hiyo inadanganya, kwani nakala rudufu hukua pamoja na data, na siku itakapochukua saa mbili kazi mbili zinazosoma diski kwa wingi zitakutana na zote zitachelewa. Ndiyo maana saa 7:30 ilifanywa kuwa saa ya mapema zaidi ya kuanza, na sharti likaongezwa kwamba nakala rudufu iwe imekamilika kwanza. Yakawekwa pia mipaka miwili: ikifika saa 8:30 usiku kabla kazi haijaanza, usiku huo huachwa na mabadiliko husubiri usiku unaofuata, na ikifika saa 10:30 alfajiri kazi ikiwa bado inaendelea, husimama popote ilipofika. Ripoti inayochelewa kwa siku moja huudhi mtu mmoja ofisini, ilhali foleni ya mapokezi isiyosonga huudhi jengo zima.

Kusimama popote kunawezekana tu iwapo kazi imegawanywa katika mafungu. Hapa yalichaguliwa mafungu ya safu 2,000, kila moja likiwa muamala wake, na baada ya kila fungu hutunzwa alama ya mahali ilipofika kazi, yaani wakati wa badiliko la mwisho lililonakiliwa pamoja na namba ya safu yenye badiliko hilo. Mgawanyo huu una manufaa mengine yaliyo makubwa kuliko urahisi wa kusimama, na ndiyo yanayoeleza tatizo ambalo huwatatiza wasimamizi wengi: usawazishaji umekwisha alfajiri, lakini mapokezi bado ni mazito saa 3 asubuhi.

Katika PostgreSQL, safu inapobadilishwa, toleo la zamani halifutwi papo hapo; hubaki mpaka pasiwepo muamala wowote unaoweza kulihitaji, ndipo kazi ya usafi iitwayo autovacuum huliondoa. Usawazishaji unaosoma kila kitu ndani ya muamala mmoja wa kiwango cha `REPEATABLE READ` huendelea kuona data kama ilivyokuwa ulipoanza, na kwa hiyo huzuia usafi wa matoleo yote yaliyoachwa tangu wakati huo, hata katika majedwali usiyoyagusa. Ghala likiwa zito kupokea, muamala huo unaweza kubaki wazi hadi asubuhi bila kutumia kichakato hata kidogo. Jedwali la foleni ya wagonjwa, ambalo ni dogo lakini hubadilishwa mara nyingi, hujaa matoleo mafu, na kila ulizo hulazimika kuyapita. Muamala ukifungwa, usafi hufanyika, lakini faili la jedwali kwa kawaida halirudi katika udogo wake. Nafasi iliyoachwa hubaki ndani yake ikingoja kutumika tena. Dalili huonekana kwa ulizo hili:

```sql
SELECT pid, state, now() - xact_start AS umri
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_xmin IS NOT NULL
ORDER BY age(backend_xmin) DESC;
```

Safu ya kwanza ikiwa ni ya usawazishaji na umri wake ni wa saa kadhaa, huku `n_dead_tup` katika `pg_stat_user_tables` ikipanda bila kushuka, chanzo kimejulikana. Mafungu madogo huondoa tatizo hilo kwa sababu hakuna muamala unaoishi zaidi ya sekunde chache, mradi tu programu ifunge muamala wa kusoma kabla haijaanza kuandika kwenye ghala. Kwa tahadhari, kipindi cha usawazishaji kilipewa mipaka yake:

```sql
SET statement_timeout = '60s';
SET lock_timeout = '2s';
SET idle_in_transaction_session_timeout = '30s';
```

Swali ambalo lingefaa kuulizwa mapema zaidi ni kwa nini usiku wa mwisho wa mwezi ulihitaji dakika 95. Jedwali la madai halikuwa na faharasa kwenye safu wima ya wakati wa badiliko, hivyo kila fungu lilipitia jedwali zima. Faharasa iliongezwa, na kazi ikapungua sana. Faida hiyo ina gharama yake: PostgreSQL ina njia ya mkato ya kubadilisha safu bila kugusa faharasa, lakini njia hiyo haitumiki pale safu wima yenye faharasa ya kawaida inapobadilika, na wakati wa badiliko hubadilika kila mara. Kwa jedwali la madai gharama hiyo ilivumilika. Kwa jedwali la foleni haikustahili, na hilo likaachwa lisomwe lote, kwa kuwa ni dogo.

Ratiba ilipoandikwa, saa tatu tofauti ziligongana. Wauguzi huhesabu saa 7:30 usiku, saa ya ukutani ya kimataifa husema 01:30, na seva, ambayo ilikuwa katika UTC, husema 22:30 ya siku iliyotangulia. Anayeandika `30 1 * * *` ataanzisha kazi saa 10:30 alfajiri, ambayo ndiyo saa iliyowekwa kuwa ya kusimama, na anayeandika `30 7 * * *` ataianzisha saa 4:30 asubuhi, mapokezi yakiwa yamejaa. Kosa la siku ni gumu zaidi kuliona. Ulinganisho kamili wa kila wiki, uliotakiwa usiku wa kuamkia Jumapili, huandikwa `30 22 * * 6`, kwa kuwa katika UTC bado ni Jumamosi. Ukiandikwa kwa siku 0 utafanyika usiku wa kuamkia Jumatatu, na salio lolote la kazi hiyo litaangukia asubuhi yenye msongamano mkubwa kuliko zote.

Ili kujua kama dirisha linafaa kweli, usawazishaji ulisimamishwa kwa makusudi katika baadhi ya usiku, na muda wa maulizo wa saa zilezile ukalinganishwa kati ya usiku wenye kazi na usiku usio nayo, siku za juma zikiwa sawa. Bila ulinganisho huo, wepesi wa saa 8 usiku huhesabiwa kuwa sifa ya ratiba ilhali ni sifa ya saa yenyewe. Vipimo hurudiwa pia mazoea ya watu yanapobadilika: katika miji ya pwani, kwa mfano, mwezi wa Ramadhani huwafanya wengi wakeshe na kuamka kwa daku, na bonde la shughuli lililopimwa miezi mingine halitarajiwi kubaki mahali pake.

Pendekezo la kusomea kwenye seva pacha, yaani nakala hai inayofuata seva kuu, lilizingatiwa, na linapunguza mzigo wa diski kwa kweli. Lakini mpangilio wa `hot_standby_feedback` ukiwashwa, muamala mrefu kwenye pacha huzuia usafi kwenye seva kuu vilevile. Ukizimwa, pacha huweza kukatiza ulizo la usawazishaji katikati kwa sababu data linayoisoma imekwisha kusafishwa. Kwa mafungu ya sekunde chache mpangilio huo unaweza kubaki umezimwa, kwa kuwa pacha husubiri hadi sekunde 30 kwa kawaida kabla ya kukatiza, na fungu linalokatizwa husomwa tena kuanzia alama ya mwisho.