Mishororo ya dhoruba

Mtu akitaka kuweka dhoruba katika shairi la mizani kumi na sita, hupata kitu kama hiki:

Upepo unavumia, tanga lataka pasuka
Mawimbi yanapandia, chombo kinatikisika

Vina vimetimia, mizani nane kwa nane, ila bahari imetulia. Sikio linajua pumzi itakatikia wapi, na dhoruba haina miadi. Hata msuko, ambao mshororo wake wa mwisho ni mfupi, hautoshi, kwa sababu ufupi huo huja mahali palepale kila ubeti. Tangu Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, uhuru wa kubadili urefu upo. Swali ni namna ya kuutumia. Huu ni ubeti niliouandika kwa ajili ya uchambuzi huu:

Upepo unavuta tanga unavuta kamba unavuta mikono ya mabaharia
Kimya
Kisha wimbi linapanda linajipinda linavunjika juu ya omo
Radi
Mlingoti umekwenda

Wengi hudhani mshororo mfupi ndio wa kasi. Usome kwa sauti uone: mshororo mfupi unasimamisha, kwa kuwa mwisho wake unadai kituo mara tu baada ya neno kutamkwa. Kasi imo katika ule mrefu. Mshororo wa kwanza una mizani ishirini na nane na hauna hata koma moja. “Unavuta” inarudi mara tatu kabla msomaji hajapata pa kuvutia hewa, na anapofika “mabaharia” pumzi imemwishia. Upepo umepita kifuani mwake.

Ndipo inakuja “Kimya”, mizani mbili tu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo katika neno la silabi mbili mkazo unaangukia mwanzoni kabisa. “Radi” inapiga papo hapo. Ningeandika “Imepiga”, silabi mbili zingetangulia mkazo na pigo lingechelewa. Hapa lugha yetu inabana: kitenzi hubeba viambishi vyake, kwa hiyo mshororo mfupi kweli hupatikana zaidi kwa nomino au tanakali ya sauti.

Mshororo wa mwisho una mizani nane, maana “m” ya mlingoti ni silabi kamili. Hicho ni kipimo cha kipande kimoja cha shairi la jadi, na sikio linakitambua bila kuambiwa. Mlingoti umeshakwenda, lakini mdundo umetulia, na utulivu huo unatisha kuliko kelele.

Hatari iko katika kukatakata ovyo. Ukiandika “Upepo” peke yake, kisha “unavuta” chini yake, umetenga kiima na kitenzi bila kupata chochote. Mpe mtu mwingine akusomee huku umefumba macho. Pale usiposikia mshororo ulipoishia, mkato huo ni wa karatasi tu. Uunganishe.